Dola ikicheza kwenye simu, sanduku letu lisiteteme



Siku hizi katika mkutano wetu wa akiba kuna mgeni ambaye hatukumwalika: namba ya dola kwenye simu. Mama mmoja anafungua simu na kusema, "Imeshuka!" Wengine wanaacha kuhesabu michango na kuuliza kama tutoe dola kwenye sanduku leo hii. Juma linalofuata namba imepanda kidogo, na wale wale wanauliza kama si afadhali tungengoja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo wamama wameniomba mara nyingi niwaeleze namba ile inasema nini. Nimeona ni vema niandike, maana najua vikundi vingine vina shida hiyo hiyo.

Sisi wa Masisi tunaishi na pesa mbili. Maharagi, viazi na jibini tunaviuza sokoni kwa franka. Minervali ya mtoto anayesoma Goma, bati za nyumba na simu yenyewe tunavihesabu kwa dola. Ndiyo maana sanduku la kikundi lina pesa za namna zote mbili, na ndiyo maana namba ya simu inatugusa. Lakini kuguswa ni jambo moja, na kukimbia kila inapotikisika ni jambo lingine. Nitaeleza jinsi ya kusoma kioo cha simu, jinsi ya kujua mtikisiko gani ni mdogo kwa kikundi chako, na jinsi ya kuweka kengele ya bei ili simu ikuite siku yenye maana na ikuache ufanye kazi siku nyingine zote.

Kioo kinasema nini

Ukiandika USD CDF kwenye simu yenye intaneti, unapata kitu kinachofanana na hiki:

```
USD/CDF
2,838.00
-12.00 (-0.42%)
1D  5D  1M  1Y
```

USD ni dola ya Amerika, CDF ni franka ya Kongo. Namba kubwa inasema dola moja ni franka 2,838. Mstari wa chini unasema namba imeshuka franka 12 tangu kipimo kilichotangulia, yaani karibu nusu ya franka moja katika kila franka mia. Alama ya kutoa na rangi nyekundu ndizo zinazowatia wamama hofu. Rangi nyekundu haisemi kwamba kuna hatari. Inasema tu kwamba namba ya sasa ni ndogo kuliko ile ya mbele yake.

Tena jiulize: ni habari mbaya kwa nani? Dola ikishuka, kikundi chenye dola sandukuni kitapata franka chache kikizibadilisha. Lakini mama anayekusanya franka za maharagi ili alipe minervali kwa dola amepata nafuu, maana sasa anahitaji franka chache zaidi. Namba moja, siku moja, mmoja anapoteza na mwingine anapata. Kwa hiyo kabla ya kusema "mbaya" au "nzuri", kila mama aseme kwanza anashika pesa gani na atahitaji pesa gani.

Herufi za chini ndizo zinazosaidia zaidi, na ndizo watu wengi hawazigusi. 1D ni picha ya siku moja, 5D ni siku tano, 1M ni mwezi mmoja, 1Y ni mwaka mmoja. Picha ya siku moja huonyesha milima na mabonde ya kutisha, kwa sababu simu hunyoosha kila mtikisiko mpaka ujaze kioo. Franka 12 zinaweza kuonekana kama mtu ameanguka kutoka juu ya kilima. Gusa 1Y na mlima ule ule utageuka kuwa mkunjo mdogo usioonekana. Mimi nawaambia wamama wa kikundi chetu waanze na 1Y, halafu 1M, na 1D waiache.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha. Franka yetu haiuzwi na watu wengi duniani kama dola au yuro, na bei yake haiandikwi kila dakika na wafanyabiashara maelfu. Programu za simu hukusanya namba kutoka sehemu mbalimbali, na wakati mwingine hubadilisha tu kutoka sehemu moja hadi nyingine. Unaona namba imeruka usiku wa Jumamosi, saa ambayo hakuna aliyeuza wala kununua, kisha Jumatatu imerudi ilipokuwa. Mtikisiko wa namna hiyo haukutokea sokoni, ulitokea ndani ya simu tu. Kama unataka namba ya rasmi, Banki Kuu ya Kongo hutangaza kiwango chake cha mwongozo kila siku ya kazi, na hicho hakichezi kutoka dakika hadi dakika.

Bei ya simu na bei ya kambiste

Jambo la pili la kujua ni kwamba hakuna mtu atakayekupa bei ya simu. Ile ni bei ya katikati. Kambiste anayekaa na meza yake sokoni ana bei mbili: moja anayonunulia dola yako, na nyingine anayokuuzia dola yake. Nafasi kati ya hizo mbili ndiyo mshahara wake.

Tuchukue mfano. Hizi ni namba za darasani. Wewe weka za soko lako. Simu inasema 2,850. Kambiste anasema: "Mama, nikinunua dola yako nakupa 2,820. Ukitaka dola yangu, leta 2,870." Nafasi ni franka 50 kwa kila dola. Kikundi kikitoa dola 400 leo, kikapata franka, kisha juma lijalo kikageuza nia na kununua dola hizo tena kwa bei ile ile, kitapoteza franka 50 mara 400, yaani franka 20,000. Na namba ya simu haikusogea hata kidogo. Pesa hizo zimeliwa na kwenda na kurudi.

Hapo ndipo mtikisiko wa franka 12 unaonyesha ukubwa wake halisi. Franka 12 mara dola 400 ni franka 4,800. Kikundi kinachokimbia kuokoa 4,800 na kisha kurudi nyuma kinalipa 20,000. Mtikisiko ulio mdogo kuliko nafasi ya kambiste hauwezi kukuletea faida, hata ukiwahi namna gani.

Ukishika jambo hilo moja, umeshika karibu yote. Ukubwa wa mtikisiko haupimwi kwa rangi wala kwa mlima wa kwenye kioo. Unapimwa kwa gharama yako ya kuufuata.

Hatua ya kikundi chako

Sasa tutafute namba ambayo mimi naiita "hatua" ya kikundi. Ni mtikisiko mdogo kabisa unaostahili kumwinua mama kutoka shambani.

Andika kwanza dola mnazotaka kubadilisha. Andika kisha gharama ya safari. Tuseme mweka hazina anapanda moto kutoka Nyamitaba kwenda Kitshanga na kurudi, na safari hiyo ni franka 20,000. Gawanya gharama ya safari kwa idadi ya dola: 20,000 kwa 400 ni 50. Maana yake, kila dola inabeba franka 50 za moto. Ongeza nafasi ya kambiste, ambayo katika mfano wetu ni 50. Jumla ni franka 100. Hiyo ndiyo hatua ya kikundi hiki. Dola ikisogea franka 30 au 60, safari na kambiste wanakula kila kitu. Ikisogea zaidi ya 100, hapo kuna jambo la kuzungumza.

Mama mwenye dola 40 peke yake afanye hesabu hiyo hiyo. Franka 20,000 kugawanya kwa 40 ni 500. Akiongeza 50 za kambiste, hatua yake ni 550. Dola inaweza kukaa miaka bila kusogea kiasi hicho kwa ghafla. Kwa hiyo mama huyo hahitaji kengele yoyote. Abadilishe siku anayokwenda sokoni kwa shughuli zake nyingine, basi. Nimesema hivi kwa sababu nimeona wamama wenye dola 20 wanaangalia simu mara kumi kwa siku, wanamaliza mega na moto wa betri, na namba yenyewe haiwezi kuwasaidia.

Na yule anayeishi karibu na kambiste, asiyelipa moto, hatua yake ni ile nafasi ya kambiste tu. Kila mtu ana hatua yake. Ndiyo maana si vema kuiga kengele ya jirani.

Kuweka kengele

Katika kikundi inatosha simu moja ya androidi. Wenye simu ndogo watapata habari kwa ujumbe wa kawaida kutoka kwa mwenye kengele.

Programu ambayo watu wengi hutumia kwa pesa za nchi mbalimbali inaitwa Xe, na ndani yake kuna sehemu ya Rate Alerts, yaani kengele za bei. Programu nyingine zina kitu kama hicho kwa jina lingine kidogo, lakini kazi ni moja. Unachagua pesa mbili, unaandika namba unayoingojea, na programu inakutumia ujumbe siku namba hiyo inapofikiwa.

Angalia mwelekeo. Dola iwe ya kwanza na franka iwe ya pili: USD kwenda CDF. Ukizigeuza, kioo kitakuonyesha namba kama 0.00035, ambayo ni thamani ya franka moja kwa dola. Ukiona sifuri nyingi baada ya nukta, umeweka kinyume. Bonyeza mishale ya kugeuza kabla ya kuandika chochote.

Kisha weka kengele mbili, moja juu na moja chini. Tuliona kwamba simu inasema 2,850 na hatua ya kikundi ni 100. Kwa hiyo kengele ya juu ni 2,950 na ya chini ni 2,750. Usiweke moja tu. Anayeweka ya juu tu anangojea habari anayoitamani, na namba ikishuka hatajua. Usiweke pia karibu sana, kama 2,845, ukidhani ni uangalifu. Itakulilia karibu kila siku, na baada ya juma mbili utaizoea kama mbwa anayebweka kila usiku. Siku mwizi anapokuja hutaamka.

Kama programu inakuuliza kama unataka habari za kila siku, kataa. Kusudi letu ni kwamba ukimya uwe na maana. Simu isipolia, namba iko ndani ya uzio na hakuna la kufanya.

Jambo la mwisho, na ndilo la muhimu kuliko kubonyeza, ni kuandika kwenye daftari la kikundi mtakachofanya kengele ikilia. Mwandike siku mnayoiweka, wakati vichwa vimetulia. Mfano: "Kengele ya chini ikilia, mweka hazina aulize bei kwa makambiste wawili. Kama nao wameshuka, tubadilishe dola za mikopo ya mbegu tu. Dola za minervali zibaki dola." Maneno hayo machache yanazuia ugomvi, maana siku ya hofu kila mtu huwa na shauri lake.

Kwa nini dola za minervali zibaki? Kwa sababu zitalipwa kama dola. Namba ya franka ikipanda au ikishuka, dola mia ya shule ni dola mia. Vivyo hivyo, franka za mikopo ya mbegu zitakazotolewa juma lijalo hazina sababu ya kukaa kama dola zikingojea bei nzuri. Pesa ikae katika sura ile itakayotumika. Kikundi kinachofuata kanuni hiyo hubaki na sehemu ndogo tu ya sanduku inayoguswa na namba ya simu, na hofu nayo hupungua.

Siku kengele inapolia kweli

Mtu asifikiri ninasema namba za simu ni mchezo. Kuna nyakati zinasogea kweli, na historia ya franka yetu inaonyesha njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya polepole. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa kama franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Haikuruka siku moja. Ilipanda franka chache juma hili, chache juma lile, na kila hatua peke yake ilikuwa ndogo. Anayetazama kila siku huzoea, anasema "ni kidogo tu," kama mzazi asiyeona mtoto wake anavyorefuka. Kengele haizoei. Inashika namba uliyoandika, na siku jumla ya vidogo vyote inapofika pale, inalia. Ndiyo sababu kengele ni bora kuliko kutazama sana, na pia ni bora kuliko kutotazama kabisa.

Njia ya pili ni ya ghafla, na wengi wetu tunaikumbuka. Katika nusu ya pili ya 2024 na nusu ya kwanza ya 2025 dola ilizunguka karibu na franka 2,850. Kisha mwezi wa 9 na wa 10 wa 2025 ikaanza kushuka upesi, mpaka chini ya 2,500. Kikundi chenye kengele ya 2,750 kingeamshwa mapema katika njia hiyo. Tuhesabu kwa dola 400. Kwa 2,850 ni franka 1,140,000. Kwa 2,750 ni 1,100,000. Kwa 2,450 ni 980,000. Aliyesikia kengele amekubali hasara ya 40,000 kwa pesa za mbegu. Aliyengoja "irudi" alitazama hasara ikifika 160,000.

Lakini angalia upande wa pili pia. Franka ilipopata nguvu, bei za vitu madukani hazikushuka kwa mwendo ule ule. Wachuuzi walikuwa wamenunua bidhaa zao wakati dola ilikuwa juu, na hakuna anayependa kuuza kwa hasara. Kwa hiyo mama mwenye dola alipata franka chache na akakuta bei ya mafuta ya kupikia karibu ile ile. Kengele haikuweza kumwambia hilo. Simu inajua bei ya dola. Bei ya bidoni ya mafuta unaijua kwa kuuliza sokoni.

Na kwetu kulikuwa na jambo lingine. Benki za Goma zilifungwa mwisho wa mwezi wa 1 wa 2025, na baada ya hapo noti za franka zikawa haba mjini. Pesa za karatasi zikiwa chache, kambiste hawezi kukupa asichokuwa nacho, hata kama kioo cha simu kinaonyesha namba nzuri. Kwa hiyo katika daftari letu tuliandika "ulizeni makambiste wawili" kabla ya neno lolote la kubadilisha. Kengele inakuambia nenda kauliza. Haikuambii nenda kauze.

Mambo yanayoharibu kengele

Kengele inahitaji intaneti. Rezo ikikatika siku mbili, au mega zikiisha, ujumbe utakuja umechelewa, na bei inaweza kuwa imesogea tena. Kwa hiyo ukipata ujumbe, fungua programu kwanza uone namba ya sasa na saa iliyoandikwa chini yake. Kama saa hiyo ni ya jana, unasoma habari ya jana.

Programu nyingine zikilia mara moja huacha. Kengele imekwisha kazi yake na haipo tena mpaka uiweke upya. Kikundi kinaendelea kuamini ukimya, kumbe hakuna mlinzi. Kila mkutano wa kwanza wa mwezi, mwenye simu afungue orodha ya kengele mbele ya wote na kusoma namba mbili zilizopo. Kama namba imesogea na kukaa mahali papya, mhesabu hatua tena na msogeze uzio.

Kuna pia mruko wa uongo. Namba inaruka ghafla franka 200, kengele inalia, na baada ya saa moja imerudi. Utaitambua kwa njia rahisi: picha ya 5D inaonyesha mwiba mmoja mwembamba, na makambiste hawajasikia chochote. Ngojeni mpaka kesho yake. Mabadiliko ya kweli bado yatakuwepo kesho, na kambiste atakuwa ameyajua kabla yenu.

Na kuna noti zenyewe. Tunajua sote kwamba dola iliyochanika pembeni au iliyoandikwa kwa kalamu hukataliwa, au hupokelewa kwa bei ya chini. Noti mbovu moja ya dola 50 inaweza kukupotezea zaidi ya mitikisiko ya mwezi mzima. Mweka hazina anayekagua noti vizuri wakati wa kupokea michango analinda sanduku kuliko anayetazama kioo usiku kucha.

Hesabu moja ya kuchukua sokoni

Kabla sijaweka kalamu chini, niwape hesabu ambayo hata mama asiye na dola moja ataitumia. Mchuuzi akipandisha bei husema, "Mama, dola imepanda." Pengine ni kweli. Lakini imepanda kiasi gani?

Tuseme bidoni ya mafuta inamgharimu mchuuzi dola 35, na dola imetoka 2,850 hadi 2,870. Imepanda franka 20. Zidisha 20 kwa 35 unapata 700. Kwa hiyo dola imeongeza franka 700 kwenye bidoni nzima. Kama mchuuzi ameongeza 5,000, zile 4,300 zinatoka mahali pengine: barabara, mizigo, vizuizi vya njiani, au tamaa yake. Mwulize kwa upole, "Baba, dola imeleta mia saba. Hizi nyingine ni za nini?" Wamama wa kikundi chetu wamejaribu, na si kila mara bei inashuka. Lakini mchuuzi anajua sasa anazungumza na mtu anayehesabu, na mara nyingine hukubali kukutana katikati.

Katika kikundi chetu sasa simu haitolewi wakati wa kuhesabu michango. Uzio umeandikwa ndani ya jalada la daftari, namba ya juu na namba ya chini, na chini yake ile sentensi ya tutakachofanya. Mama akija na habari kwamba dola imeshuka franka kumi, mama prezida humwuliza swali moja tu: "Iko ndani ya uzio ao nje?" Kama iko ndani, tunaendelea kuhesabu.